Binti yuko Form Six, anataka tusaini Early Decision: tusaini au tungoje?

Mama_Neema (Arusha)

Habari za humu ndani, wakuu. Binti yangu yuko Form Six, tahasusi ya PCB, na anaomba vyuo vya Marekani kwenye Common App, ule mtandao mmoja wa kuomba vyuo vingi. Kila chuo anachoongeza kinamletea orodha ya kuchagua aina ya maombi. Chuo anachokipenda kuliko vyote, kidogo na cha binafsi, kina Early Decision, Early Decision II na Regular Decision. Cha pili kina Early Action. Cha tatu ni chuo kikubwa cha serikali ya jimbo, kimeandikwa Rolling Admission.

Yeye anataka ED kwenye kile cha kwanza, mwisho wake tarehe 1 Novemba. Fomu inataka saini tatu: yake, ya mzazi na ya shule. Sisi kwa mwaka tunaweza kutoa dola 7,000, na hapo tumejibana. Chuo chenyewe kinatangaza gharama ya karibu dola 86,000. Nikishasaini halafu wakampa msaada usiotosha, nimejifunga? Na hivi vingine viwili aviombe lini?

Mzee_wa_Raundi

Mama Neema, usiwe na wasiwasi. Raundi ya kwanza hufunguliwa Julai baada ya matokeo. Akichaguliwa vyuo viwili au vitatu, anapata namba ya siri na kuthibitisha kimoja. Asipothibitisha kwa wakati anasubiri raundi ya pili. Hakuna wa kumfunga.

Mwl_Taaluma

Mzee wangu, shikamoo. Hiyo ni TCU, na umeieleza sawasawa, ila mama anauliza vyuo vya Marekani na utaratibu wa huko umegeuzwa. TCU unachaguliwa kwanza, ahadi unaiweka baadaye kwa ile namba ya siri. ED unaahidi kwanza, Novemba, kwamba wakikuchukua utasoma pale, kabla hujajua kama watakuchukua wala watakupa shilingi ngapi. Ndiyo maana mama anaogopa, na ana haki ya kuogopa.

Mama Neema, nianze na hofu yako. Makubaliano ya ED ndani ya Common App yana mlango mmoja wa kutokea: mwanafunzi aliyeomba msaada wa fedha, akipewa msaada usiomwezesha kusoma pale, anaweza kukataa nafasi na kuachiliwa. Mlango huo ni wa aliyeomba msaada tu. Hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Kuna swali kwenye fomu linalouliza kama ataomba msaada wa fedha. Wapo wanaojibu hapana wakidhani wataonekana wepesi kupokelewa, halafu waombe fedha wakishafika. Kwa mwanafunzi wa nje, vyuo vingi vinavyoangalia uwezo wa kulipa havikubali hilo. Ukisema hapana Novemba, ni hapana kwa miaka yote minne, na mlango wa kuachiliwa umeufunga mwenyewe.

Jibu ndiyo, na uyaoneshe mahitaji yote kama yalivyo.

Kijana_Temeke

Mwalimu yuko sahihi ila aongeze: ED inaongeza nafasi mara mbili au zaidi, takwimu za vyuo vyenyewe zinaonesha. Kwa hiyo asisite. Pia ni mkataba wa kisheria, ukiukimbia wanaweza kukushtaki. Na tarehe 1 Novemba ni kwa saa za Marekani, kwa hiyo sisi huku tuna mpaka asubuhi ya tarehe 2, kama saa 12:59 hivi. Usiku mzima wa ziada.

Mwl_Taaluma

Kijana, nusu ya hayo ni kweli na nusu itamponza mtu.

Saa kwanza, maana hii ndiyo inayoua maombi. Common App inahesabu tarehe ya mwisho kwa saa za pale mwombaji alipo. Kwa Arusha ni saa 5:59 usiku wa tarehe 1 Novemba, basi. Anayengoja asubuhi ya tarehe 2 atakuta ED imeondoka kwenye orodha. Nashauri atume tarehe 28 Oktoba. Kutuma kwenyewe kuna hatua: unakagua nakala ya PDF ukurasa kwa ukurasa, unalipa ada au unatumia msamaha wa ada, unaweka saini, kisha unabonyeza `Submit`. Wengine hulipa ada wakaenda kulala wakidhani wamemaliza. Alama ya kijani mbele ya jina la chuo ndiyo ushahidi.

Kuhusu nafasi kuongezeka: ni kweli asilimia ya wanaopokelewa ED huwa kubwa kuliko Regular, yale maombi ya kawaida ya Januari, kwenye vyuo vingi. Lakini ndani ya lile kundi wamo wanamichezo walioahidiwa nafasi mapema na makocha, na wanafunzi wa Kimarekani wa kipato kidogo wanaopitia mpango wa QuestBridge. Ukiwaondoa hao, tofauti inapungua, na hakuna chuo kitakachokuambia imebaki ngapi kwa Mtanzania anayeomba dola 79,000 kwa mwaka. Kinachomsaidia binti wa Mama Neema ni kingine: chuo kinachoangalia uwezo kina mfuko wenye kikomo kwa wanafunzi wa nje, na Novemba mfuko huo haujaguswa. Machi unakuwa umeshagawiwa kwa sehemu kubwa.

Kuhusu kushtakiwa: hapana. Ni ahadi ya heshima, haipelekwi mahakamani. Ila ina meno. Vyuo vinaweza kuambizana majina, na vingine kufuta maombi yako. Na adhabu inaweza kuiangukia shule. Mwaka 2025 iliripotiwa kwamba Chuo Kikuu cha Tulane kiliizuia shule moja ya Colorado kuleta waombaji wa ED kwa mwaka mzima, baada ya mwanafunzi wake kuvunja ahadi. Kwa shule ya kwetu inayopeleka mwombaji mmoja au wawili kwa mwaka, wadogo zake ndio watakaolipa.

Nyakio_254 (Nairobi)

Niingie hapa kwa heshima, maana sikubaliani na mwalimu mahali pamoja. Kwa familia yenye kikomo kigumu cha fedha, mimi husema ED isiwe chaguo la kwanza. Sababu ni kwamba inakunyima kulinganisha. Mtoto aliyeomba Regular vyuo kumi anaweza kushika barua mbili mwisho wa Machi, moja inataka familia itoe dola 5,000, nyingine 11,000, na anaweza kuiandikia ofisi ya fedha ya pili akiwa na barua ya kwanza mkononi. Wa ED ana barua moja, na hana cha kuiwekea mizani. Mlango wa kuachiliwa upo, lakini ukiupita ni katikati ya Desemba na umebaki na wiki mbili za kuandaa maombi ya Januari.

Kwa Kenya pia kuna la mtihani. KCSE inaandikwa hiyo hiyo Novemba, kwa hiyo mtoto wa Form Four kushughulikia ED tarehe 1 ni kumchosha bure. Wetu wengi huomba mwaka unaofuata, matokeo yakiwa mkononi, na hapo ED, au EA ambayo ni ya mapema bila kufunga, inakuwa rahisi maana hakuna cha kubashiri. Binti wa Form Six wa Tanzania ana afadhali, mtihani wake ni Mei.

Mama_Neema

Asanteni sana. Mwalimu, nieleze kwa hesabu basi. Tuseme Desemba wamemchukua. Nitajuaje kama msaada unatosha? Na nikiona hautoshi nafanyaje?

Mwl_Taaluma

Tuchukue gharama uliyotaja, 86,000. Barua ikija, mezani isomwe mstari kwa mstari. Tuseme imeandikwa hivi: ruzuku ya chuo 71,500, kazi ya chuoni 2,500, mchango wa familia 12,000. Watu huona 74,000 wakashangilia. Lakini ile 2,500 ya kazi hulipwa kadiri mtoto anavyofanya kazi. Mwezi Agosti, bili ya muhula wa kwanza inapokuja, haipo. Kwa hiyo fedha iliyo mkononi ni 71,500.

Ninyi mna 7,000. Pengo kwenye mchango ni 5,000 kwa mwaka, 20,000 kwa miaka minne, kama ada haitapanda, na kwa kawaida hupanda. Halafu angalia yale yaliyomo ndani ya 86,000. Nauli ya ndege imo? Bima ya afya imo? Vyuo vingine huweka bima nje, na ni dola elfu kadhaa. Pengo la 5,000 linaweza kuwa 8,000 bila mtu kudanganywa na yeyote.

Hapo unaandika barua pepe kwa ofisi ya msaada wa fedha, nakala kwa ofisi ya udahili, ndani ya siku tatu au nne, kabla ya siku ya kulipa fedha ya kushikilia nafasi. Usilalamike, onesha namba. Ambatisha hati za mshahara za miezi ya karibuni, mikopo mnayolipa, ada za wadogo zake na taarifa ya benki. Andika wazi: tunaweza 7,000, barua inataka 12,000, naomba mwangalie tena. Wakiongeza, vizuri. Wakisema ndio mwisho, omba kuachiliwa kwa maandishi, na usiondoe maombi ya vyuo vingine mpaka mkono wako umeshika jibu moja kati ya hayo mawili.

Kosa kubwa ninaloliona lipo nyuma zaidi, kwenye CSS Profile, fomu ya kueleza kipato na mali ya familia mnapoomba msaada. Fomu hufunguliwa tarehe 1 Oktoba na mnachagua sarafu ya kwenu. Mtu anachagua shilingi za Tanzania, kisha anajaza kwa dola kwa sababu kichwani anahesabu dola. Mshahara wa dola 9,000 unaingia kama shilingi 9,000 kwa mwaka. Mfumo hauoni kosa. Ofisi ya fedha inaona familia isiyo na chochote yenye nyumba na gari, inaandika kuuliza, Desemba inafika jibu halijaenda. Au kinyume: thamani ya shamba la urithi inawekwa kama mali ya kuuzwa kesho. Kuna sehemu ya maelezo ya ziada mwishoni. Itumieni kueleza kwamba shamba ni la ukoo na haliuziki.

Dada Nyakio, nakubali kuhusu kulinganisha. Ila kwa mtoto huyu Regular huenda isimletee barua mbili za kulinganisha. Huenda isimletee hata moja.

Nyakio_254

Hilo ndilo tusilolijua, mwalimu, na ndiyo maana siwezi kumwambia mama asaini. Naomba tu afanye jambo moja kabla: amwandikie chuo sasa, Septemba, aulize kama wamewahi kuwapa wanafunzi wa nje msaada unaofika 79,000, na kama wanafidia mahitaji yote yaliyothibitishwa. Wengine hujibu waziwazi. Wakisema kiwango cha juu ni 50,000, mjadala umeisha, ED hiyo haina maana kwake.

Baba_Muscat

Samahani kuingilia uzi. Kijana wangu anasoma A-Level hapa Muscat, anataka Yale, na pale wameandika Single-Choice Early Action. Je, hiyo nayo inamfunga? Anaomba pia Uingereza kupitia UCAS, na chuo kimoja cha serikali Marekani cha Rolling. Nimeambiwa akiomba Yale mapema asiombe popote kwingine.

Dada_wa_Minnesota

Baba, shikamoo. Haimfungi. Akipokelewa Desemba ana mpaka tarehe 1 Mei kuamua, na anaweza kukataa bila kutoa sababu. Kinachozuiwa ni kuomba mapema kwenye vyuo vingine vya binafsi vya Marekani kwa wakati huo huo, iwe ED au EA. Vyuo vya serikali vinaruhusiwa mradi maombi yasiwe ya kufunga, Rolling inaruhusiwa, na vyuo vya nje ya Marekani anaomba wakati wowote. Kwa hiyo mpango wake wote uko sawa. Asome ukurasa wa Yale mwenyewe mwaka huu, kwa sababu Harvard, Princeton na Stanford wana kizuizi cha namna hiyo lakini kila mmoja anakiandika kwa maneno yake.

Harvard na Princeton kwa kweli walifuta kabisa maombi ya mapema mwaka 2006, wakisema yanawapendelea watoto wa wenye nazo, kisha wakayarudisha 2011. Ugomvi huu wa mwalimu na Nyakio ni wa zamani.

Mama Neema, nikusemee Rolling maana imeachwa nyuma. Pittsburgh na Arizona State ni mfano wa vyuo vinavyopokea hivyo: wanasoma majalada kadiri yanavyofika na kujibu baada ya wiki kadhaa, na siku ya kuanza kuhesabu ni siku jalada lilipokamilika. Hapo ndipo watoto wa kwetu wanakwama. Anatuma Septemba, anakaa mpaka Desemba bila jibu, anadhani wamemkataa. Akifungua akaunti ya mwombaji anakuta mstari wa transkripti una alama nyekundu, shule haijatuma. Baada ya kutuma, aingie kila wiki kwenye ile akaunti aangalie orodha ya vilivyopokelewa.

Watu husikia kwamba Rolling haina haraka, wakaomba Machi. Nafasi inaweza kuwepo, lakini ufadhili wa ufaulu huwa na tarehe yake, mara nyingi Novemba au Desemba, na fani zinazogombewa kama uuguzi na uhandisi hujaa mapema. Tena vyuo vya majimbo kwa kawaida haviwapi wanafunzi wa nje msaada kwa sababu ya uhitaji. Kwa bajeti ya 7,000, Rolling bila ufadhili mkubwa itamletea barua nzuri asiyoweza kuilipia. Atume Septemba mwishoni, hata kama ndoto ni ile ED. ED haimzuii kuomba EA na Rolling, inamtaka ayaondoe maombi hayo akishapokelewa na msaada ukatosha.

Mama_Neema

Na wakimwahirisha Desemba? Nimesoma kuna jibu la tatu.

Mwl_Taaluma

Ndiyo, kuna kupokelewa, kukataliwa na kuahirishwa. Akiahirishwa, jalada lake linasogezwa kusomwa pamoja na wa Regular, na ahadi ya ED imekwisha siku hiyo. Yuko huru kabisa, hata kuomba ED II kwingine, ambayo mwisho wake ni mwanzoni mwa Januari na majibu katikati ya Februari.

Hapa nina ombi kwa kila mzazi. ED II nayo inataka saini ya shule. Majibu ya ED yanatoka katikati ya Desemba, shule zetu nyingi zimefungwa, mwalimu yuko kijijini mtandao unakuja na kuondoka. Fomu isipokuwa na saini ya shule, chuo kinaweza kuyasoma maombi kama Regular. Basi Novemba mwishoni, kabla ya likizo, kaeni na mwalimu mkubaliane chuo cha ED II kitakuwa kipi endapo la kwanza halikukaa sawa, na mwalimu ahakikishe anaweza kuingia kwenye akaunti yake ya Common App kwa simu. Mwaliko wa mwalimu huja kwa barua pepe na hupenda kuangukia kwenye taka. Mtafuteni huko kwanza kabla ya kusema haujafika.

Mwezi Januari au Februari kuna ripoti ya nusu mwaka, nayo hutumwa na shule. Matokeo ya muhula yakishuka sana, aliyeahirishwa ndiye anaumia kwanza. Na aliyepokelewa ED bado anadaiwa matokeo ya Form Six ya Julai. Nafasi waliyompa ina sharti kwamba amalize kama alivyoanza.

Mzee_wa_Raundi

Sasa nimeelewa, na nina swali la kweli. Binti amekubaliwa ED, fedha zimetosha, mmelipa, fomu ya I-20 ya kuombea viza imekuja. Julai ubalozi unamnyima viza. TCU dirisha limefunguliwa. ED ilisema asianze maombi mengine. Anaruhusiwa kuomba Muhimbili au hapana?

Dada_wa_Minnesota

Mzee, umegusa penye utata. Makubaliano yanasema akishapokelewa asianzishe maombi mapya, na hayataji viza. Kinachofanyika mara nyingi ni mwanafunzi kuomba chuo kimshikilie nafasi mwaka mmoja ajaribu tena viza, na msaada wake ukabaki au usibaki kulingana na chuo. Lakini kuomba TCU wakati nafasi ya huko bado iko wazi, sijaona chuo kilichoandika jibu.

Nyakio_254

Kwetu KUCCPS ni swali hilo hilo. Mimi ningemshauri aandike kwa chuo siku aliyonyimwa viza, aombe ruhusa kwa maandishi ya kuomba chuo cha nyumbani, na asingoje dirisha lifungwe. Pia masharti ya viza kwa pasipoti ya nchi yake ayaangalie kabla ya kulipa fedha ya kushikilia nafasi, kwa sababu hubadilika na fedha hiyo kwa kawaida hairudi.

Mama_Neema

Nimeandika kwa chuo leo asubuhi kama alivyosema dada Nyakio, nimeuliza kiwango cha juu kwa wanafunzi wa nje na kama bima ya afya imo ndani ya ile 86,000. Binti anatuma ile ya Rolling wiki hii, transkripti iko kwa mwalimu. Ya EA anaimalizia Oktoba. Saini ya ED nimeiacha mpaka jibu la chuo lirudi, nitaliweka hapa.